Kusoma picha ya shelfu: namna ya kuorodhesha kila bidhaa ili kulinganisha bei na duka jingine

Mwongozo huu unahusu kazi moja, nayo ni kuchukua picha ya shelfu ya duka lingine na kuigeuza kuwa orodha ya bidhaa, vipimo na bei ambayo mwenye duka anaweza kuilinganisha na bei zake bila kujidanganya. Nitaifuata shelfu moja tu ya mafuta ya kula, niliyoipiga picha katika supamaketi ndogo iliyoko eneo la Kisasa hapa Dodoma, wakati mimi mwenyewe nina duka eneo la Ilazo. Nimechagua mafuta kwa sababu katika kanda hii ya kati, yaani Dodoma na Singida, alizeti inakamuliwa na viwanda vingi vikubwa na vidogo, chupa zake hufanana sana, ujazo wake haulingani, na bei hubadilika mavuno yanapoingia sokoni. Anayeweza kuisoma shelfu ya mafuta bila makosa hatasumbuliwa na shelfu ya sabuni wala ya unga. Majina ya chapa nimeyabadilisha kuwa herufi A, B, C na D, na bei zilizomo zichukuliwe kuwa mfano wa hesabu, kwa kuwa msomaji atakuta bei nyingine siku atakayokwenda.

Nitatumia maneno matatu kwa maana maalumu. Shelfu ni lile kabati zima la kupangia bidhaa. Ngazi ni ubao mmoja wa shelfu hiyo, nami nazihesabu kuanzia juu. Kibandiko ni kile kikaratasi cha bei kinachowekwa kwenye ukingo wa ngazi, tofauti na lebo, ambayo ni karatasi iliyobandikwa na kiwanda kwenye chupa.

Kuomba ruhusa

Bei zilizowekwa wazi dukani zinaweza kusomwa na mtu yeyote, lakini duka ni la mwenyewe, na ni vyema kuomba. Nilimkuta mama aliyekuwa kaunta nikamwambia, "Shikamoo mama. Nina duka Ilazo, naomba kupiga picha shelfu ya mafuta nione bei zenu." Akanijibu, "Marahaba. Piga, ila wateja wangu wasionekane." Alikuwa na haki, kwa kuwa sura ya mtu ni taarifa binafsi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukikataliwa, nunua kitu, andika bei unazozikumbuka mara tu utokapo, na uzitie alama kwamba zimetoka kwenye kumbukumbu.

Jambo lingine la kisheria ni zito zaidi. Kusoma bei ya mshindani ni halali, lakini kukaa naye mkakubaliana kuuza kwa bei moja kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa hiyo mazungumzo na mwenye duka yaishie kwenye ruhusa ya picha, na kila mmoja abaki na uamuzi wake kuhusu bei.

Kupiga picha itakayosomeka

Makosa mengi ya orodha huanzia hapa, na mtu huyagundua akiwa ameshafika nyumbani. Picha moja ya shelfu nzima iliyopigwa kutoka mbali inafaa kuonyesha mpangilio, lakini haifai kusomea maandishi. Sababu yake inapimika. Simu nyingi za sasa hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa upande mrefu. Picha hiyo ikifunika upana wa mita 1.2, kila milimita ya shelfu hupata nukta tatu na kidogo. Tarakimu ya bei yenye kimo cha milimita 10 itakuwa na nukta zaidi ya 30, nayo itasomeka bila shida. Maandishi ya ujazo kwenye lebo ya chupa, ambayo mara nyingi yana kimo cha milimita 4, yatapata nukta 12 au 13 tu, na kwa uzoefu wangu ikishuka chini ya 15 ndipo 3 huanza kufanana na 8, na 5 kufanana na 6. Ukirudi nyuma hadi picha ifunike mita tatu, hata tarakimu za bei zenyewe huingia katika hatari hiyo.

Kwa hiyo piga picha moja ya jumla kwanza, kisha sogea karibu na upige ngazi mbili mbili, ukisimama moja kwa moja mbele ya shelfu na simu ikiwa kwenye kimo cha ngazi unazozipiga. Kila picha ya karibu irudie sehemu ya ile iliyotangulia, kama theluthi moja hivi, ili kinachokatwa na ukingo wa picha moja kionekane kizima katika nyingine. Zima mwanga wa simu, kwa sababu vibandiko vingi hukaa ndani ya plastiki, na mwanga huo hurudi ukiwa doa jeupe juu ya bei ileile unayoitafuta. Kabla hujaondoka, fungua kila picha, ikuze, na usome ujazo wa chupa ndogo kuliko zote. Usiposomeka, sogea na upige tena chupa hiyo peke yake.

Tahadhari moja inahusu kutuma picha. Ukimtumia msaidizi wako kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu hiyo huipunguza sana, na picha iliyokuwa na nukta 4,000 inaweza kumfikia ikiwa na kama 1,600. Itume kama hati, ifike ilivyo. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikibishana na kijana wangu wa dukani kuhusu bei moja, mimi nikiitazama picha halisi na yeye akiitazama iliyopunguzwa.

Kuhesabu kabla ya kutaja

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo inayolinda orodha. Macho yakitazama shelfu hutafuta kile yanachokifahamu. Utaiona chapa unayoiuza, utaiandika, na utaipita bila kujua ile usiyoijua iliyosimama katikati. Dawa yake ni kuhesabu chupa za mstari wa mbele katika kila ngazi kabla hujaandika jina lolote, kuanzia kushoto kwenda kulia, ngazi ya juu hadi ya chini.

Katika picha yangu, ngazi ya 1 ilikuwa na pakiti 8 za mbele, ngazi ya 2 ilikuwa na 9, ngazi ya 3 ilikuwa na 5 pamoja na nafasi tupu, na ngazi ya 4 ilikuwa na madumu 5. Niliandika idadi hizo pembeni, kisha nikaanza kutaja. Kwenye ngazi ya 2 nilipata chupa 4 za A na chupa 4 za B, jumla 8, wakati hesabu ilikuwa imeniambia 9. Niliporudi nikakuta chupa moja ya D iliyogeuzwa, lebo yake ikitazama ukuta na mgongo wake ukitazama mteja. Nilipoikuza zaidi picha, niligundua kwamba ile niliyodhani kuwa chupa ya nne ya B, yenye kifuniko cha rangi ileile, ilikuwa nayo ni D. Hesabu sahihi ikawa A 4, B 3, D 2. Bila ile tisa niliyoiandika mwanzoni, D isingeingia kabisa katika orodha yangu, na kama nitakavyoonyesha mbele, D ndiyo bidhaa iliyokuwa na somo kubwa kuliko zote katika shelfu hiyo.

Orodhesha kila kinachoonekana, hata kisichokuhusu. Kwenye ngazi ya 1 kulikuwa na boksi la majani ya chai lililoachwa na mteja aliyebadili mawazo. Nililiandika na kuweka neno "limeachwa". Pale penye kibandiko bila bidhaa, andika bidhaa iliyotajwa na kibandiko na uweke "imeisha", kwa sababu kuishiwa kwa mshindani nako ni habari. Pale penye bidhaa bila kibandiko, acha nafasi ya bei wazi na uandike "haionekani". Usiijaze kwa kukisia, hata kama una hakika ya moyoni, kwa kuwa baada ya siku tatu utaisahau hiyo dhana na kuiona kama bei uliyoisoma.

Kuoanisha kibandiko na bidhaa

Kanuni ya kuanzia ni kwamba kibandiko ni cha bidhaa iliyosimama juu ya ngazi ambayo kibandiko hicho kimefungwa, na mara nyingi huwekwa pale bidhaa hiyo inapoanzia upande wa kushoto. Lakini wateja huhamisha chupa, wafanyakazi hupanua nafasi ya bidhaa inayouzika, na kibandiko hubaki kilipokuwa. Kwa hiyo soma maneno ya kibandiko kabla ya kusoma bei yake. Vibandiko vingi vilivyochapishwa vina jina la bidhaa na ujazo, na vingine vina tarakimu za msimbo wa mistari. Jina na ujazo vikikubaliana na chupa iliyo juu yake, umeoanisha. Visipokubaliana, bei hiyo si ya chupa hiyo, hata kama vimekaa pamoja.

Msimbo wa mistari wenye tarakimu 13 husaidia sana ukionekana, kwa sababu kila ujazo wa chapa moja una msimbo wake. Ukianza na 620 maana yake ni kwamba kampuni ilijisajili Tanzania kupata msimbo huo. Usiuchukue kuwa uthibitisho kwamba bidhaa ilitengenezwa hapa.

Katika maduka yetu mengi ya mtaani vibandiko ni vipande vya katoni vilivyoandikwa bei tu kwa kalamu ya wino mzito. Hapo huna la kusoma zaidi ya bei, na njia salama ni kuuliza bidhaa mbili au tatu kwa mdomo na kuona kama majibu yanalingana na ulivyooanisha.

Kuandika orodha

Mstari mmoja uwe wa bidhaa moja ya ujazo mmoja. Chupa ya lita 1 na dumu la lita 5 za chapa ileile ni bidhaa mbili. Andika pia aina, kwa kuwa mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani, ya alizeti yaliyokamuliwa tu na kuchujwa, na mafuta ya mawese hayalinganishwi hata chupa zikifanana. Katika shelfu hii yote yalikuwa alizeti iliyosafishwa. Mimi huandika hivi:

```
Ngazi,Mbele,Chapa,Aina,Lita,Bei,Hali
1,5,A,alizeti,0.5,3600,sawa
1,2,C,alizeti,0.5,3400,sawa
1,1,-,majani ya chai,,,limeachwa
2,4,A,alizeti,1,6800,sawa
2,3,B,alizeti,1,6500,sawa
2,2,D,alizeti,0.9,6200,sawa
3,3,A,alizeti,3,19500,sawa
3,2,B,alizeti,3,18900,sawa
3,0,C,alizeti,3,19200,imeisha
4,2,A,alizeti,5,33000,hakiki
4,2,C,alizeti,5,,haionekani
4,1,A,alizeti,10,62000,sawa
```

Safu ya "Mbele" ni idadi ya pakiti za mstari wa mbele, na jumla yake kwa kila ngazi lazima irudi kwenye hesabu ya mwanzo: 8, 9, 5 na 5. Bei iandikwe bila alama ya kutenga maelfu, na ujazo uandikwe kwa tarakimu peke yake, kwa sababu "lita 1" na "1" kwa jedwali la kompyuta ni vitu viwili visivyojuana. Mililita 500 ziwe 0.5.

Pembeni mwa orodha andika tarehe, saa, na jina la duka. Picha ihifadhiwe kwa jina linalofanana na la orodha, ili ubishi ukitokea mtu arudi kwenye picha.

Bei kwa lita, na makosa inayoyafichua

Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko hailinganishiki mpaka igawanywe kwa ujazo. Ikiwa ujazo uko safu ya E na bei safu ya F, hesabu ya mstari wa pili ni hii:

```
=IF(F2="","",F2/E2)
```

Itazame ngazi ya 2. Chupa za A, B na D zimesimama bega kwa bega, zina kimo kilekile, na D ndiyo yenye bei ndogo kuliko zote, shilingi 6,200. Mteja atainyooshea mkono, na mwenye duka anayelinganisha kwa macho ataogopa kwamba anauza ghali. Lakini D ina mililita 900. Ukigawa 6,200 kwa 0.9 unapata shilingi 6,889 kwa lita, wakati A ni 6,800 na B ni 6,500. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Hii ndiyo sababu nimesisitiza picha isomeke hadi maandishi ya ujazo, na ndiyo sababu chupa iliyogeuzwa haipaswi kupuuzwa.

Bei kwa lita ina kazi ya pili, ambayo ni kukuonyesha ulipokosea. Kwa kawaida ndani ya chapa moja ujazo ukikua bei kwa lita hushuka. Kwa A nilipata 7,200 kwa nusu lita, 6,800 kwa lita 1, 6,500 kwa lita 3, kisha 6,600 kwa lita 5, na 6,200 kwa lita 10. Ile 6,600 inapanda pale inapotakiwa kushuka. Kupanda huko kunaweza kuwa kweli, kwa mfano dumu la lita 3 likiwa limepunguzwa bei kwa muda, lakini kwanza rudi kwenye picha. Ndiyo maana niliweka "hakiki".

Niliporudi niliona kilichotokea. Katika picha niliyokuwa nikiisoma, nguzo ya chuma ya shelfu ilifunika ukingo wa ngazi ya 4 upande wa kushoto. Kibandiko cha kwanza nilichokiona, chenye 33,000, kilikuwa kati ya madumu ya A na ya C, na maneno yake yalikuwa yamefunikwa na mwanga, nami nikakipa A. Picha ya pili, iliyorudia theluthi ile niliyoitaja, ilionyesha kibandiko kingine nyuma ya nguzo: A, lita 5, shilingi 31,500. Basi 33,000 ilikuwa ya C. Baada ya kusahihisha, A ya lita 5 ikawa 6,300 kwa lita, na mteremko wa 7,200, 6,800, 6,500, 6,300 na 6,200 ukakaa sawa. C nayo ikapata bei yake, 6,600 kwa lita, na neno "haionekani" likaondoka, ingawa kwa kuwa iko juu ya 6,400 ya lita 3 nayo inastahili "hakiki".

Katika Singida na Dodoma utakutana pia na madumu ya alizeti yanayouzwa kwa kilo. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo dumu la kilo 18 lina karibu lita 19.6, halifiki 20. Geuza kilo kuwa lita kwa kugawa kwa 0.92 kabla ya kulinganisha.

Kulinganisha na duka lako

Bidhaa mbili zilinganishwe moja kwa moja pale tu chapa, aina na ujazo vyote vitatu vinapofanana. Mimi huunganisha vitu hivyo vitatu kuwa ufunguo mmoja kwenye safu ya I, kisha huutafuta ufunguo huo katika ukurasa wenye ufunguo wa aina hiyohiyo kwenye safu ya A na bei zangu kwenye safu ya B, ambao nimeuita Duka:

```
=C2&"|"&D2&"|"&E2
=VLOOKUP(I2,Duka!A:B,2,FALSE)
```

Jibu likiwa `#N/A`, ama huuzi bidhaa hiyo, ama umeandika tofauti mahali fulani. Nafasi moja iliyozidi baada ya neno inatosha kuharibu.

Kwangu nilipata bidhaa nne zilizolingana. A ya lita 1 naiuza 7,000 dhidi ya 6,800, zaidi kwa shilingi 200, ambayo ni karibu asilimia 3. B ya lita 1 tuko sawa, 6,500. A ya lita 5 naiuza 31,000 dhidi ya 31,500, pungufu kwa 500. A ya lita 3 naiuza 20,400 dhidi ya 19,500, zaidi kwa 900, karibu asilimia 5, na hiyo ndiyo tofauti pekee iliyonishughulisha. Shilingi 200 za lita 1 sikuzigusa, kwa kuwa mteja wa Ilazo akienda Kisasa kwa bajaji atalipa zaidi ya hizo.

Kabla ya kubadili bei niliangalia gharama. Dumu la A la lita 3 hunifikia kwa 17,800 pamoja na usafiri. Kwa bei yangu nilibaki na 2,600, na kwa bei ya Kisasa ningebaki na 1,700. Zaidi ya hapo, orodha yangu mwenyewe ilikuwa na kasoro niliyokuwa sijaiona: A ya lita 3 kwangu ilikuwa 6,800 kwa lita wakati ya lita 5 ilikuwa 6,200, pengo la shilingi 600 ambalo kwa mshindani lilikuwa 200 tu. Wateja wangu walikuwa wakiona lita 3 haina maana, nayo ilikuwa ikikaa kwenye shelfu. Niliishusha hadi 19,800, nikaipandisha lita 5 hadi 31,500, na C, ambayo kwao lita 3 ilikuwa imeisha, nikaagiza katoni mbili.

Picha ya pili ya shelfu hiyohiyo niliipiga baada ya wiki mbili, nikisimama palepale, kwa mpangilio uleule wa ngazi, kwa sababu orodha mbili zilizosomwa kwa njia moja ndizo zinazoonyesha bei ipi imehama na chapa ipi imeongezewa nafasi mbele. Safu ya "Mbele" ilinionyesha D imetoka chupa 2 hadi 5.